Oda Isiyojibiwa

Soko la hisa la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za huko. Wakati wa majira yao ya joto, hapa Dar es Salaam au Nairobi huwa ni saa kumi na nusu jioni. Mtu aliyeiunganisha programu yake na dalali wa Marekani anaweza kuwa kwenye foleni ya magari saa hiyo, huku kompyuta ikinunua na kuuza kwa niaba yake. Ndiyo raha ya kuotomatisha, na ndipo penye hatari ninayotaka kuieleza leo. Hatari hiyo haihusiani na ubora wa mkakati. Mkakati mbovu hula fedha polepole na mwenye nao hupata muda wa kuuona. Fedha inayoondoka kwa dakika chache huondoka kwa sababu ya oda: imetumwa mara mbili, imetumwa kwa kipimo kisicho chake, au imetumwa na programu ambayo hakuna aliyejua namna ya kuizima.

Tuchukue mfano mdogo. Akaunti ina dola 4,000. Programu inafuatilia hisa moja inayouzwa kwa dola 40 hivi, na leo imepata ishara ya kununua hisa 20, yaani oda ya dola 800. Inatuma ombi kwa dalali, inasubiri sekunde tano, jibu halirudi. Je, oda imefika?

Programu haijui, na haina namna ya kujua kwa kukaa ikisubiri. Huenda ombi lilipotea kabla ya kumfikia dalali. Huenda lilifika, hisa zikanunuliwa, kisha jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wa kutuma, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Aliyewahi kutuma fedha kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa anajua la kufanya: anaangalia salio kwanza, hakimbilii kutuma tena. Programu nyingi zinazoandikwa kwa haraka hufanya kinyume chake, kwa kuwa maktaba nyingi za mtandao zina utaratibu wa kurudia ombi lililoshindikana, na mwandishi ameuwasha bila kufikiria kwamba ombi hili linanunua kitu. Ikirudia mara tatu, na maombi yote manne yakawa yamefika, akaunti sasa ina hisa 80 zenye thamani ya dola 3,200 badala ya hisa 20.

Dawa yake ni kitambulisho cha oda kinachotolewa na mteja mwenyewe. Madalali wengi wenye kiolesura cha kompyuta wana sehemu hiyo. Kwa dalali Alpaca inaitwa `client_order_id`, na katika itifaki ya FIX inayotumiwa na taasisi ni `ClOrdID`, alama namba 11. Ukituma oda mbili zenye kitambulisho kimoja kwa Alpaca, ya pili inakataliwa. Kwa hiyo ukirudia kutuma kwa kitambulisho kilekile, baya kabisa litakalokupata ni kukataliwa, na kule kukataliwa kwenyewe ni habari njema, maana kunakuambia kwamba ile ya kwanza ilifika.

Lakini kitambulisho kitafanya kazi hiyo kwa masharti mawili ambayo huvunjwa mara kwa mara. La kwanza, kitokane na nia ya kununua, kisitokane na tendo la kutuma. Ukitumia namba ya nasibu inayozalishwa upya kila ombi linapoondoka, kila jaribio litakuwa na jina jipya na dalali ataziona kuwa oda tofauti halali. La pili, kiandikwe kwenye diski kabla ya ombi kutumwa. Programu ikianguka sekunde moja baada ya kutuma, ikawashwa tena ikiwa haina kumbukumbu, itaiona ile ishara ya kununua kana kwamba ni mpya.

```python
kitambulisho = "wastani-XYZ-BUY-2025-03-14-01"
daftari.andika(kitambulisho, "INATUMWA")   # diski kwanza
dalali.tuma(oda, client_order_id=kitambulisho)
```

Jina hilo lina mkakati, hisa, upande, tarehe na namba ya ishara ya siku hiyo. Programu hata ikizimwa na kuwashwa mara kumi, ishara ileile itazaa jina lilelile. Jibu lisiporudi, hatua inayofuata ni kumuuliza dalali kwa jina hilo. Kwa Alpaca njia yake ni `GET /v2/orders:by_client_order_id`. Akijibu kwamba anayo, programu inaendelea kuifuatilia kama kawaida. Akijibu kwamba haijui, programu inatuma tena kwa jina lilelile, kamwe si kwa jina jipya, kwa sababu ombi la kwanza linaweza kuwa bado liko njiani na likafika baadaye.

Hapa kuna mtego unaostahili kusomwa taratibu. Si kila dalali analinda upekee wa jina kwa namna moja. Katika soko la sarafu za kidijitali la Binance, `newClientOrderId` inatakiwa iwe ya pekee miongoni mwa oda zilizo wazi tu. Oda ya kwanza ikishatimizwa, jina lilelile linaweza kupokewa tena. Sasa fikiria oda ya bei ya soko, ile inayonunua papo hapo kwa bei yoyote iliyopo. Hutimizwa mara moja. Ukirudia kutuma, ile ya kwanza haiko wazi tena, na ulinzi uliodhani unao haupo. Kwa Interactive Brokers hali ni nyingine: oda zina namba kamili, na ukituma oda yenye namba ya oda ambayo bado iko hai, dalali huichukulia kama marekebisho ya oda ile. Basi kabla ya kuandika msimbo wowote wa kurudia, isome sehemu hiyo ya mwongozo wa dalali wako mwenyewe. Mahali ambapo ulinzi ni nusu, uliza kwanza, na usirudie hadi upate jibu.

Hiyo ni aina moja ya oda iliyojirudia, nayo husababishwa na mtandao. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu mtandao unakuwa mzima na kila oda inakubaliwa bila malalamiko. Programu inaamua kwa kuangalia hisa ilizonazo. Inaona sifuri, inataka 20, inatuma oda ya 20. Sekunde moja baadaye inaangalia tena. Ununuzi haujatimia au taarifa yake haijafika, inaona bado sifuri, inatuma 20 nyingine. Hakuna aliyerudia ombi. Programu imefikiri upya tu, na kila inapofikiri inaamini haina kitu.

Kosa la ukoo huohuo liliiangusha kampuni ya Knight Capital tarehe 1 Agosti 2012. Asubuhi hiyo soko la New York lilianzisha mpango mpya kwa ajili ya wateja wadogo, na Knight walikuwa wameandika msimbo mpya wa kushiriki katika mpango huo. Fundi aliusambaza kwenye seva saba na kuisahau ya nane. Seva hiyo ilibaki na msimbo wa zamani uitwao Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003 lakini haikuufuta. Msimbo mpya ulikuwa umeazima alama ileile iliyokuwa ikiuwasha Power Peg. Oda za wateja zilipofika kwenye seva ya nane zikiwa na alama hiyo, Power Peg akaamka.

Zamani msimbo huo ulikuwa na kihesabu kilichojumlisha hisa zilizokwisha kununuliwa na kuuambia uache oda ikishatimia. Mwaka 2005 kihesabu hicho kilihamishiwa sehemu nyingine ya mfumo, na hakuna aliyejaribu kama Power Peg bado angejua kusimama. Hakujua. Oda 212 za wateja zilizopita kwenye seva ile zilizaa mamilioni ya oda ndogo, na kwa muda wa dakika 45 hivi yakatimizwa manunuzi na mauzo zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154. Knight wakajikuta wameshika hisa za takribani dola bilioni 3.5 ambazo hawakuzitaka, na wanadaiwa nyingine za takribani dola bilioni 3.15 walizoziuza bila kuwa nazo. Hasara ilipita dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni iliunganishwa na nyingine na kupoteza uhuru wake.

Funzo la kiufundi ni jembamba na lina thamani. Ukomo wowote unaohesabu kile ulichonacho peke yake ni kipofu kwa kile kilichoko njiani. Hesabu sahihi ina vitu vitatu: hisa ulizonazo, oda zilizo wazi kwa dalali, na oda ulizotuma ambazo hazijajibiwa. Rudi kwenye mfano wetu na uweke ukomo wa dola 2,000 kwa hisa ile. Programu inayohesabu hisa ilizonazo tu itaona sifuri mara zote nne, itapima oda ya dola 800 dhidi ya 2,000, na itaipitisha kila mara. Inayohesabu vyote vitatu itapitisha ya kwanza, itapitisha ya pili kwa jumla ya dola 1,600, na itaikataa ya tatu kwa kuwa jumla ingefika 2,400. Angalia kwamba hata hivyo oda moja ya ziada imepita. Ukomo wa kiasi haukomeshi oda zinazojirudia. Unaweka mpaka wa madhara yake tu. Kitambulisho ndicho kinachokomesha, na ndiyo maana nasisitiza viwili hivyo viwepo pamoja.

Ukomo wenyewe nao una kina kuliko unavyoonekana. Wengi huandika mstari mmoja: idadi mara bei isizidi kiasi fulani. Tarehe 8 Desemba 2005, katika soko la hisa la Tokyo, mfanyakazi wa kampuni ya dhamana ya Mizuho alitakiwa kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Akaingiza hisa 610,000 kwa yeni 1. Zidisha pande zote mbili: thamani ni ileile, yeni 610,000. Ukaguzi wa thamani peke yake ungeipitisha oda ile bila kusita. Hata hivyo J-Com ilikuwa na hisa 14,500 tu kwa jumla, na bei ya yeni 1 ilikuwa mbali mno na bei yoyote ya siku hiyo. Mfumo wa soko nao ulishindwa kuifuta oda Mizuho walipojaribu, na hasara yao ikafika kiasi cha yeni bilioni 40.

Kwa hiyo idadi ipimwe peke yake, bei ipimwe peke yake dhidi ya bei ya mwisho sokoni, na thamani ya jumla ipimwe mwisho. Kwa oda za kununua, msimbo wake ni mfupi:

```python
def ruhusu(oda, hali):
    if hali.umri_wa_bei > 5:                 # sekunde
        return False
    if oda.idadi > 50:
        return False
    if abs(oda.bei - hali.bei) / hali.bei > 0.03:
        return False
    jumla = hali.nilizonazo + hali.zilizo_wazi + hali.hazijajibiwa
    return (jumla + oda.idadi) * hali.bei <= 2000
```

Mstari wa kwanza wa ukaguzi ndio unaosahaulika zaidi. Kuipima oda dhidi ya bei iliyokwama tangu nusu saa iliyopita ni sawa na kutoipima. Mtiririko wa bei ukikatika, programu isijiaminishe kwamba soko limetulia, isitume kitu. Kuhusu oda ya bei ya soko, ambayo haina bei ya kupimwa, maoni yangu ni kwamba programu isiyosimamiwa isiitumie kabisa. Itumie oda yenye ukomo wa bei uliowekwa juu kidogo ya bei ya sasa. Itatimizwa karibu upesi uleule, na haiwezi kununua kwa bei ya kichaa.

Kuna ukomo mwingine ambao haupewi heshima yake: idadi ya oda kwa dakika na kwa siku. Kama mkakati wako kwa kawaida hutuma oda tatu kwa siku, oda ya kumi na moja ni dalili ya ugonjwa hata kama kila moja ni ndogo na ina bei nzuri. Kwa Knight, uwiano kati ya oda 212 zilizoingia na zile zilizotoka ungepiga kelele mapema sana kama kungekuwa na kitu kinachouhesabu.

Ukomo ukishaguswa, ukatae. Usionye. Tarehe 2 Mei 2022 mfanyabiashara wa Citigroup jijini London alitaka kuuza fungu la hisa la dola milioni 58. Akaandika milioni 58 katika sehemu ya idadi badala ya sehemu ya thamani, na fungu likawa la dola bilioni 444. Vizuizi vya lazima vilisimamisha dola bilioni 255. Zilizobaki, dola bilioni 189, zilipita kwa sababu mbele yake kulikuwa na dirisha la maonyo 711, ambalo lilionyesha mistari 18 ya kwanza tu na liliweza kufungwa bila kusomwa lote. Hisa za dola bilioni 1.4 ziliuzwa katika masoko ya Ulaya kabla ya oda kufutwa, na mwaka 2024 wasimamizi wa Uingereza walitoza faini za jumla ya pauni milioni 61.6. Kilichookoa siku ile ni kile kizuizi kisichoweza kubishaniwa. Knight nao walikuwa na maonyo: barua pepe 97 zilizotumwa na mfumo kabla soko halijafunguliwa, zikimtaja Power Peg kwa jina. Hazikuwa zimetengenezwa ziwe kengele, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Inabaki swichi ya kuzima. Watu hudhani ni kitufe kimoja, kumbe ni maamuzi matatu yanayotofautiana kwa uzito: kuacha kutuma oda mpya, kufuta oda zilizo wazi, na kuuza hisa zilizopo. La kwanza programu ilifanye yenyewe bila kuomba ruhusa, mara tu hasara ya siku inapovuka kiwango, oda zinapozidi idadi, au daftari lake linapotofautiana na orodha ya dalali. Ulinganisho huo wa daftari na dalali ufanywe kila dakika. Ndiyo njia ya uhakika ya kugundua oda iliyonunua bila wewe kujua.

La pili lina mwiba. Amri ya kufuta oda zote, kwa Alpaca `DELETE /v2/orders`, hufuta zote kweli, pamoja na oda za kuzuia hasara ulizoziweka kulinda hisa ulizonazo. Ukibonyeza kwa hofu unabaki na hisa zisizo na kinga wakati soko linaporomoka. Tena kuomba kufuta hakufuti papo hapo. Oda huingia kwanza katika hali ya `pending_cancel`, na ndani ya muda huo inaweza kutimizwa. Programu isihesabu oda kuwa imekufa mpaka dalali athibitishe.

La tatu ningemwachia binadamu. Sababu yake ni hesabu rahisi: una hisa 80, swichi inatuma oda ya kuuza 80, jibu linachelewa, mtu anabonyeza tena. Zimeuzwa 160. Kama akaunti yako inaruhusu kuuza usichonacho, sasa unadaiwa hisa 80, na swichi ya usalama imegeuka kuwa chanzo cha hatari mpya. Ikiwa lazima iwepo, oda ya kufunga nayo ipewe kitambulisho cha kudumu kama oda nyingine yoyote.

Swichi hiyo ikae wapi? Nje ya programu inayoizima. Njia nyepesi ni faili: programu inaangalia kabla ya kila oda kama faili ya kusimama ipo, na ikiwapo haitumi. Kuwasha upya kompyuta kusiiondoe faili hiyo. Iondolewe kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuelewa kilichotokea. Katika dakika zile 45 mafundi wa Knight, wakidhani ubaya uko kwenye msimbo mpya, waliuondoa katika seva saba zilizokuwa nzima. Seva zote nane zikawa zinamwendesha Power Peg. Hawakuwa na namna ya kusema simama kwanza, tutatafuta sababu baadaye.

Kwa sisi tunaofanya haya kutoka mbali, swichi inayotegemea mtandao wa nyumbani haitoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Iliangukia Jumapili, soko la New York likiwa limefungwa. Ingekuwa siku ya kazi, mwenye programu kwenye seva ya kukodi huko Marekani angekuwa na mashine inayoendelea kutuma oda na yeye hana njia ya kuifikia. Programu ya namna hiyo inahitaji mapigo ya moyo: ishara inayotoka kwako kila baada ya muda, na isipofika, iache yenyewe kutuma oda mpya. Namba ya simu ya meza ya dalali nayo iwe imehifadhiwa kwenye simu yako, pamoja na namba ya akaunti, kabla hujaihitaji.

Kabla ya kuweka fedha halisi, fungua akaunti ya majaribio, tuma oda, na uchomoe mtandao baada tu ya ombi kuondoka. Kisha uwashe tena uone programu yako imefanya nini. Rudia huku ukiizima programu yenyewe katikati. Halafu mwandikie dalali wako maswali matatu: kitambulisho changu cha oda kinalindwa kwa muda gani, na je, hata baada ya oda kutimizwa? Naweza kuwekewa ukomo wa kiasi upande wenu, nisioweza kuuvuka hata programu yangu ikiharibika? Nikikosa intaneti, nani anaweza kunifutia oda kwa simu, na saa ngapi? Asipokujibu kwa maandishi, usimuunganishie programu.